Vekta za LDA kwenye Iris hazina pembe mraba, na majibu yangu hayafanani na ya R. Kosa liko wapi?

#1 Mwanafunzi_wa_Takwimu

Wakuu, habari za jioni. Najenga LDA mwenyewe bila kutumia kifurushi, kwenye data ya Iris: maua 150, aina tatu, vipimo vinne. Kodi yangu ni hii:

```python
m = X.mean(axis=0)
Sw = np.zeros((4, 4))
Sb = np.zeros((4, 4))
for k in range(3):
    Xk = X[y == k]
    mk = Xk.mean(axis=0)
    Sw += (Xk - mk).T @ (Xk - mk)
    Sb += len(Xk) * np.outer(mk - m, mk - m)
lam, V = np.linalg.eig(np.linalg.inv(Sw) @ Sb)
```

Yananisumbua mambo matatu. Kwanza, napata thamani aigeni mbili za maana, 32.27 na 0.278, halafu nyingine mbili ni takataka za 1e-15. Kwenye kompyuta ya mwenzangu hizo mbili zinatoka namba changamano, zina `j` mwishoni. Pili, nikizidisha vekta ya kwanza na ya pili sipati sifuri. Tatu, `lda` ya R inatoa 0.83, 1.53, -2.20, -2.81 kwa LD1, mimi nina -0.20, -0.39, 0.55, 0.71. Nimekosea wapi?

#2 Kaka_Maneno

Mkuu, LDA si ile ya kutafuta mada kwenye maandishi? Maua yameingiaje? Unatakiwa uhesabu maneno kwanza, ndipo upange mada.

#3 Jirani_Mkorofi

#2 amefika na kapu la maneno kwenye bustani ya maua 😂 Hiyo ni LDA nyingine, ya Dirichlet. Huku tunatenganisha makundi. Karibu ukae lakini.

#4 Fundi_Matriksi

Vekta aigeni lazima ziwe na pembe mraba, hilo halina mjadala. Kama haziko hivyo, kuna kosa la ukokotoaji. Zipitishe kwenye `np.linalg.qr` zinyooke, kisha endelea na kazi. Hizo 1e-15 ni sifuri, zitupe.

#5 Bi_Hesabu

#4, za kutupa kweli zitupwe, lakini hiyo QR hapana. Pembe mraba ni haki ya matriksi yenye ulinganifu. `Sw` ina ulinganifu, `Sb` inao, ila ukizidisha kinyume cha `Sw` na `Sb` ulinganifu unapotea. `np.linalg.eig` inapewa matriksi isiyo na ulinganifu, haijui kwamba imetokana na mbili zenye nao, kwa hiyo haikudai pembe mraba wala namba halisi.

Ndiyo maana ya ile `j`. Sifuri ni thamani aigeni inayojirudia mara mbili hapo. Makosa madogo ya kukadiria desimali yanaitikisa, inapasuka vipande viwili, na vipande hivyo vinaweza kuangukia upande wa namba changamano kama jozi. Kompyuta moja itapasua hivi, nyingine vile. Data haina tatizo.

Mwanafunzi, swali lako halisi si "vekta aigeni za matriksi fulani". Ni `Sb w = λ Sw w`, matriksi mbili kwa pamoja. Lipeleke hivyohivyo kwa anayelifahamu:

```python
from scipy.linalg import eigh
lam, W = eigh(Sb, Sw)
lam, W = lam[::-1], W[:, ::-1]
```

Mstari wa mwisho unageuza mpangilio, maana `eigh` inaanza na ndogo kwenda kubwa. Wengi huchukua safuwima mbili za mwanzo, wakapata zile za sifuri, wakashangaa mbona makundi yamerundikana. Sasa jaribu `W.T @ Sw @ W`. Utaona matriksi kitambulisho. Pembe mraba ipo, ila inapimwa kupitia `Sw`, si kwa rula ya kawaida.

#6 Mzee_wa_Vekta

Bi Hesabu amesema vizuri, niongeze picha yake, maana mimi bila picha silali. Vunja `Sw` kwa njia ya Cholesky, `Sw = L L'`, kisha weka `u = L' w`. Lile swali la matriksi mbili linageuka kuwa la matriksi moja yenye ulinganifu, `L⁻¹ Sb L⁻ᵀ`. Kimaumbo umebadilisha vipimo vya nafasi: mtawanyiko wa ndani ya makundi uliokuwa mrefu kama muhogo sasa umekuwa duara kama chungwa. Ndani ya nafasi hiyo mpya unafanya kazi moja tu, kutafuta mwelekeo ambao wastani za makundi zimeachana zaidi. Zile `u` zina pembe mraba kweli. Ukizirudisha kwenye sentimita za maua kwa `w = L⁻ᵀ u`, pembe zinapinda.

Kwa Iris, kwa namba za R, pembe kati ya LD1 na LD2 ni nyuzi kama 100. Ukigeuza alama ya mojawapo inakuwa 80. Hakuna kosa.

Na QR ya #4 inaharibu nini hasa? Safuwima ya kwanza inabaki na mwelekeo wake. Ya pili inasukumwa mpaka ipate 90 kwa rula ya kawaida, na hapo alama zake zinaanza kuhusiana na za LD1 ndani ya makundi. Huo uhusiano ndio LDA ilikuwa imeuondoa.

#7 Fundi_Matriksi

Nimekusoma Mzee. Ila bado nasema kwa kuchora tu, mhimili wenye nyuzi 100 ni kituko. Watu wanachora LD1 na LD2 kwenye karatasi kwa nyuzi 90 kila siku.

#8 Mzee_wa_Vekta

Wako sahihi kuchora hivyo, kwa sababu wanachora alama, yaani `X @ W`, hawachori mishale ya `w`. Katika alama hizo mtawanyiko wa ndani ni duara, kwa hiyo umbali unaouona kwenye karatasi ndio umbali wa Mahalanobis. Kwa QR umbali huo unaupoteza.

#9 Sampuli_Ndogo

Mnazunguka mbali. Mimi naielewa kwa ANOVA. Kwa `w` yoyote, kila ua linapata alama moja. `w'Sb w` ni jumla ya miraba baina ya makundi, `w'Sw w` ni jumla ya miraba ndani ya makundi. LDA inauliza: ni `w` ipi itaipa ANOVA ya njia moja F kubwa kuliko zote? Ukinyambua ule uwiano na kuweka sifuri unapata `Sb w = λ Sw w`, na λ yenyewe ndiyo uwiano. Basi.

Tuhesabu kwa mkono ili isibaki maneno. Alama za wastani kwenye LD1 ya R, baada ya kutoa wastani mkuu, ni setosa 7.61, versicolor -1.83, virginica -5.78. Miraba yake ni takriban 57.9, 3.3 na 33.4, jumla 94.6. Kila kundi lina maua 50, kwa hiyo baina ya makundi kuna kama 4,732. R inarekebisha vekta ili variansi ya ndani iwe 1 kwa digrii za uhuru 147, kwa hiyo ndani ya makundi kuna 147 kamili. Gawanya: 32.19. Hiyo ndiyo thamani aigeni, bila kugusa `eig`. Ukitaka F, zidisha kwa 147/2, inakuja kama 2,366. Lakini usiitafutie p kwenye jedwali la F la kawaida, kwa sababu `w` imechaguliwa makusudi kuifanya iwe kubwa.

#10 Bi_Hesabu

Safi. Na jibu la swali la tatu limejificha humo kwa #9. Mwelekeo ni uleule, urefu ndio tofauti. `np.linalg.eig` inatoa vekta zenye urefu 1. `eigh(Sb, Sw)` inatoa zenye `w'Sw w = 1`. R inataka `w'Sw w = 147`, kwa hiyo vekta zake ni za `eigh` mara mzizi wa 147, ambao ni 12.12. Gawanya 0.83, 1.53, -2.20, -2.81 kwa urefu wake, 3.97, unapata 0.21, 0.39, -0.55, -0.71. Geuza alama, unakutana na zako. Alama ya vekta aigeni haina maana yoyote, hata R yenyewe hubadilika kati ya matoleo.

#11 Mwanafunzi_wa_Takwimu

Asanteni sana. `eigh` imekubali, `j` imeondoka. Lakini jambo moja limebaki: #9 amepata 32.19, mimi bado 32.27. Na ya pili, nikifuata hesabu ya #9 kwa LD2 ya R, inakuja 0.285, mimi 0.278. Na hata 0.21 ya Bi Hesabu kwangu ni 0.20. Huku si suala la urefu, λ haijali urefu.

#12 Sampuli_Ndogo

Makosa ya kukadiria desimali hayo.

#13 Mpekuzi_wa_Faili

Hapana #12. Makosa ya desimali yanaishi kule 1e-15, hayafiki nafasi ya pili baada ya nukta. Mwanafunzi, faili lako umelitoa hazina ya UCI, sivyo? Fungua ua la 35 na la 38, kuhesabu kuanzia 1. Ukiona yote mawili ni `4.9,3.1,1.5,0.1`, una lile faili lenye makosa. Ilivyo kwenye makala ya Fisher, la 35 ni 4.9, 3.1, 1.5, 0.2 na la 38 ni 4.9, 3.6, 1.4, 0.1. R ina zile sahihi, na scikit-learn walirekebisha kuanzia toleo 0.20. Namba tatu tu kati ya 600, na λ imesogea kutoka 32.19 hadi 32.27.

#14 Mwanafunzi_wa_Takwimu

Ndiyo hilo hilo! Nimesahihisha, imekuja 32.19 na 0.285. Shukrani #13.

#15 Jirani_Mkorofi

Haya, Fisher alitatua hii thamani aigeni mwaka 1936 bila kompyuta, ninyi mna kompyuta mnabishana nyuzi 100.

#16 Bi_Hesabu

Kwa haki yake, makala ya 1936 kiini chake ni makundi mawili, na hapo thamani aigeni haihitajiki. `Sb` inakuwa na mwelekeo mmoja tu, `m1 - m2`, kwa hiyo unatatua `Sw w = m1 - m2` na kazi imekwisha. Namna ya makundi mengi ilikuja na Rao mwaka 1948. Maua yenyewe yalitoka kwa Edgar Anderson.

Hapo pia ndipo inapotoka sababu ya kuwa na thamani mbili tu. Wastani tatu ukizitoa wastani mkuu na kuzipima kwa idadi zake, jumla ni sifuri. Ya tatu inajulikana ukishajua mbili. Makundi K yanatoa mielekeo K-1 isiyozidi, hata uwe na vipimo elfu.

#17 Unga_na_Mwanga

Naomba niingilie hapohapo kwenye vipimo elfu. Nina sampuli 60 za unga, makundi manne ya sampuli 15, na kila moja imepimwa mwanga kwenye mawimbi 700. `eigh` inanirudishia `The leading minor of order 57 of B is not positive definite`. Nimechukua mielekeo ya `scipy.linalg.null_space(Sw)` badala yake, na makundi yametengana ajabu: kila kundi limekuwa nukta moja kwenye grafu. Ni matokeo mazuri?

#18 Mzee_wa_Vekta

Hapana ndugu yangu. Nukta moja kwa kundi ndiyo dalili ya ugonjwa. Sampuli 60 ukiondoa wastani nne zinabaki digrii 56, kwa hiyo `Sw` yako ya 700 kwa 700 ina ranki isiyozidi 56. Angalia ujumbe wako: imekwama kwenye 57. Nje ya hapo kuna mielekeo mingi ambayo mtawanyiko wa ndani ni sifuri kabisa. Kwenye mielekeo hiyo uwiano unagawanywa kwa sifuri, na utenganisho ni mkamilifu hata kama majina ya makundi umeyapanga kwa bahati nasibu. Jaribu: changanya safu ya `y` kwa `np.random.permutation`, rudia kutafuta mielekeo ambayo `Sw` inaizima. Utapata nukta zilezile nne, na unga hauna habari.

#19 Fundi_Matriksi

Hapo PCA kwanza. Bakisha vipengele 20, kisha LDA. Kila mtu anafanya hivyo.

#20 Bi_Hesabu

Inafanya kazi, kwa masharti mawili. PCA ifanywe ndani ya kila duru ya kupima, kwa sampuli za mafunzo peke yake. Ukiifanya mara moja kwa zote 60, sampuli za majaribio zimeshachungulia. Na PCA haijui makundi: mwelekeo wenye variansi ndogo unaotenganisha vizuri unaweza kutupwa ukiwa mzima.

Mimi ningeongeza kidogo kwenye ulalo wa `Sw`. Kwenye scikit-learn:

```python
LinearDiscriminantAnalysis(solver="eigen", shrinkage="auto")
```

Hiyo `auto` inatumia kanuni ya Ledoit na Wolf kuchagua kiasi. `solver="svd"`, ambayo ndiyo ya kawaida, haikubali `shrinkage`. Ukiongeza mwenyewe kwa `Sw + a*np.eye(p)`, kumbuka LDA tupu haijali kama umepima kwa sentimita au milimita, ila ukishaongeza `a` inaanza kujali. Weka vipimo kwenye mizani moja kwanza.

#21 Fundi_Matriksi

Kwa mawimbi 700 jirani yanayofanana, PCA bado naiona safi zaidi. Ulalo unaadhibu kila wimbi kivyake kana kwamba hayajuani.

#22 Unga_na_Mwanga

Nitajaribu zote mbili ndani ya duru. Kuchanganya `y` nimefanya, kweli nukta nne zimerudi. 🙆🏾

#23 Mwanafunzi_wa_Takwimu

Swali jingine. LD1 ya R ina +0.83 kwa urefu wa sepali. Setosa ndiyo yenye alama kubwa kwenye LD1, lakini setosa ndiyo yenye sepali fupi kuliko zote, wastani 5.006, na virginica 6.588. Alama imegeuka?

#24 Sampuli_Ndogo

Haijageuka. Kila namba ya `w` inasomwa pamoja na nyingine zote. Ndani ya aina moja, ua lenye sepali ndefu huwa na petali ndefu pia, ni ukubwa wa ua tu. Petali ndefu inalisukuma ua kuelekea virginica. Ile +0.83 inasema: kama petali ni ndefu kwa sababu ua lote ni kubwa, rudisha nyuma kidogo. Ukitaka kujua kipimo gani kinaenda sambamba na LD1, hesabu uhusiano kati ya kila safuwima na alama. Hapo sepali itaonyesha upande uliotarajia.

#25 Mpekuzi_wa_Faili

Kuna jambo mmelipita haraka. Kodi ya #1 inazidisha kwa `len(Xk)`. Kwenye Iris haina athari, wote ni 50. Lakini kundi moja likiwa na 900 na mengine 20, wastani mkuu unakaa juu ya lile kubwa na `Sb` inabadilika. Mimi naona makundi yapewe uzito sawa, maana idadi mara nyingi inatokana na jinsi sampuli zilivyopatikana tu.

#26 Sampuli_Ndogo

Ukifanya hivyo λ si uwiano wa ANOVA tena. Kundi la watu 20 lina wastani unaoyumba, kwa nini liwe na sauti sawa na la 900?

#27 Bi_Hesabu

Ukibakisha mielekeo yote K-1, ugomvi wenu haupo. Nafasi nzima inatokana na tofauti za wastani zikizidishwa na kinyume cha `Sw`, na uzito hauigusi. Unazungusha mihimili ndani ya nafasi ileile. `lda` ya MASS inatumia `prior` kama uzito wa `Sb`, kwa hiyo ukibadilisha `prior` safuwima za LD zinazunguka. Ugomvi unaanza pale mtu anapobakisha LD1 pekee.

#28 Mpekuzi_wa_Faili

Na watu wanabakisha LD1 pekee kila siku, kwa kuwa R imewaambia 0.9912 ya jumla iko pale.

#29 Mzee_wa_Vekta

Hiyo 0.9912 isomwe kwa uangalifu. Tazama namba za #9: katika ile 94.6, setosa peke yake imechangia 57.9. Iko mbali sana, na umbali umepigwa mraba. LD1 imejishughulisha zaidi na kumtenga setosa, ambaye hata mtoto angemtenga kwa rula. Kazi ngumu ni versicolor na virginica. Umbali wao wa Mahalanobis kwa mraba ni 17.2 ukitumia LD zote mbili, na 15.7 ukibaki na LD1. Ile LD2 yenye 0.0088 ya jumla inabeba karibu sehemu moja ya kumi na moja ya utenganisho wa jozi unayoihitaji.

#30 Sampuli_Ndogo

15.7 dhidi ya 17.2 kwa maua 50 kwa 50 bado sioni sababu ya kelele. Kwa jozi hiyo peke yake ningemtoa setosa nikatumia `Sw w = m1 - m2` ya #16.

#31 Mzee_wa_Vekta

Ukimtoa, `Sw` yako inabaki na digrii 98 badala ya 147, na umedhani hao wawili wana mtawanyiko tofauti na wa setosa. Kweli wanao, tazama variansi ya urefu wa petali ya setosa ilivyo ndogo mbele ya ya virginica. Lakini hapo umeshaukana msingi wa LDA yenyewe, kwamba `Sw` ni moja kwa wote.

#32 Fundi_Matriksi

Basi tuhamie QDA, uzi mpya.

#33 Jirani_Mkorofi

Fungua wewe. Na usije na QR yako.